Sura ya Saba: Yurea Shimoni, Molasi Horini

Kila mwaka, mvua zinapokoma na majani ya kandokando ya mifereji kuanza kukauka, swali moja hurejea vinywani mwa wafugaji wa ng'ombe wachache, nalo huulizwa kwa uchungu: mbona ng'ombe anakonda na maziwa yanapungua, ilhali hori limejaa mabua usiku na mchana? Swali la pili hufuata mara moja, kwa sababu habari zimeenea: je, ni kweli kwamba mbolea ya yurea, ileile inayokuzia mahindi, na molasi, yaani ule uji mzito mweusi unaosalia kiwandani baada ya sukari kutolewa katika maji ya miwa, vyaweza kuyafanya mabua hayo kuwa chakula cha maana? Au tutamuua ng'ombe kwa mikono yetu wenyewe?

Jibu la haki ni kwamba vyote viwili vyasaidia, na vyote viwili vyaweza kudhuru, na aghalabu madhara hutokana na kuvichanganya visipopasa kuchanganywa. Yurea huyabadili mabua yenyewe, nayo huhitaji shimo lililofungwa na majuma kadhaa ya kungoja. Molasi haiyabadili mabua hata kidogo. Humlisha ng'ombe na kumtia hamu, na kazi yake huanza na kwisha siku ileile mbele ya hori. Mfugaji akishika tofauti hiyo moja, mengine yote ya sura hii yatamjia kwa wepesi.

Njaa mbele ya hori lililojaa

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wacheuao: hula, hukirudisha chakula kinywani, hukitafuna upya, kisha hukimeza tena. Katika tumbo lao la kwanza, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, wamo vijidudu wasiohesabika, wadogo wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaozivunja nyuzi za majani na kumpa ng'ombe nguvu. Kwa hakika, amlishaye ng'ombe huwalisha kwanza vijidudu hao, na wao ndio wanaomlisha ng'ombe.

Mabua makavu yanawatesa vijidudu hao kwa njia mbili. Kwanza, nyuzi za bua lililokomaa zimegandamana kwa kitu kiitwacho lignini, ambacho ndicho kinachoufanya mti kuwa mgumu. Lignini huzishika nyuzi hizo kama chokaa inavyoyashika mawe ya ukuta, na vijidudu huzunguka nje wasipate mahali pa kuingilia. Pili, mabua hayana protini ya kutosha, yaani kile chakula kijengacho mwili. Vijidudu wa tumboni huhitaji chakula chenye protini kama asilimia 7 ili wazaane na kufanya kazi yao sawasawa, na mabua ya mahindi kwa kawaida hayana zaidi ya asilimia 3 hadi 5. Majani makavu ya mpunga nayo hayapiti hapo.

Matokeo yake ni haya. Chakula hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjika, na maadamu tumbo limejaa, ng'ombe hawezi kula zaidi. Katika kila kilo 10 za mabua anazokula, hufaidi kilo 4 na nusu hadi 5 hivi, na zilizosalia hutoka katika kinyesi. Hivyo basi ng'ombe huyo ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja, na kumwongezea mabua yaleyale hakumfai kitu.

Shauri la kwanza halihitaji kwenda dukani

Kabla ya kutaja yurea, ni wajibu kutaja jambo ambalo wengi hulipita wakikimbilia mbolea. Bua la mhindi si kitu kimoja. Majani yake, na yale maganda yafunikayo gunzi, humeng'enywa kwa urahisi zaidi kuliko shina, na ng'ombe analijua hilo: ukimpa mabua mengi atachagua majani na maganda, ataacha mashina. Mabua yakiachwa shambani miezi miwili baada ya kuvunwa mahindi, upepo huyapukutisha majani, mchwa hula kilichosalia, na mvua ya bahati mbaya huleta ukungu. Mfugaji atakaposombesha mabua hayo kwa gharama, atakuwa amesombesha mashina matupu, wala hakuna yurea duniani itakayoyarudisha majani yaliyopotea.

Kwa hiyo kata mabua mara tu mahindi yanapotolewa, yasimamishe katika mafungu yakauke, kisha yahifadhi juu ya kichanja chini ya paa. Kama mabua ni mengi, mpe ng'ombe zaidi ya anavyoweza kumaliza, umwache achague, na masazo uyatandike bandani yawe samadi. Yurea ina thamani hasa pale mabua yanapokuwa haba au yamegharimu kuyaleta, kiasi kwamba hata shina halina budi kuliwa.

Yurea hufanya nini ndani ya shimo

Wazo la kuyalainisha mabua kwa dawa kali si jipya. Katika Vita Vikuu vya kwanza vya dunia, Wajerumani walipokosa chakula cha mifugo, waliyaloweka majani makavu ya ngano katika magadi makali yaitwayo soda kali, na mwanakemia wao Ernst Beckmann akaipanga njia hiyo vizuri zaidi kabla ya mwaka 1921. Ilifanya kazi, lakini soda kali huunguza ngozi, na kuyasuuza majani hayo kulitaka maji mengi mno. Baadaye watu waligundua kwamba amonia, ile hewa yenye harufu ichomayo pua katika banda lenye mkojo wa siku nyingi, hufanya kazi hiyohiyo bila kusuuzwa, na kwamba mkulima asiyeweza kununua mitungi ya amonia anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa mfuko wa yurea.

Siri yenyewe ni hii. Ndani ya mabua na juu yake mna chachu za asili ambazo, zikikutana na yurea iliyoyeyushwa katika maji, huivunja na kutoa amonia. Amonia ikizuiwa isitoroke, hupenya katika nyuzi, huzivimbisha, na kuvifungua vifungo vilivyozigandamanisha na lignini. Lignini haiondoki, ila mshiko wake hulegea, na vijidudu wa tumboni hupata mlango. Fauka ya hayo, sehemu ya ile amonia hubaki ndani ya mabua, na vijidudu huitumia kujijengea protini. Ndiyo sababu mabua yaliyokuwa na kipimo cha protini cha asilimia 4 huweza kutoka shimoni yakifikia 7 au 8, au zaidi. Na kwa kuwa amonia huua ukungu, mabua hayaozi ijapokuwa yamelowa.

Shimo likifanywa ipasavyo, zile kilo 4 na nusu ambazo ng'ombe alifaidi katika kila 10 huwa 5 na nusu hivi, na kwa kuwa tumbo hujitoa upesi zaidi, hula zaidi kuliko kwanza. Faida hizo mbili zikikutana, tofauti huonekana mgongoni mwa ng'ombe. Walakini tusiseme zaidi ya haki: mabua yaliyotiwa yurea hufanana na hei ya wastani, wala hayafikii majani mabichi ya masika, wala hayashiki nafasi ya pumba na mashudu kwa ng'ombe wa maziwa mengi.

*Kwa ufupi: mambo manne hufanya kazi pamoja shimoni, nayo ni yurea, maji, kukosa hewa, na muda. Likikosekana moja, mengine matatu ni kazi bure.*

Shimo moja katika kihamba

Tuchukue mfano wa nyumba moja katika miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Machame, mahali ambapo shamba la nyumbani, liitwalo kihamba, limejaa migomba na kahawa, na ng'ombe hukaa bandani mwaka mzima akiletewa majani. Nyumba nyingi za huko zina shamba la pili chini katika tambarare, ambako mahindi hupandwa mwezi wa Machi na kuvunwa karibu na Agosti, na mabua hupandishwa mlimani kwa gari au kichwani. Kila mzigo umegharimu jasho au nauli, kwa hiyo hapa ndipo yurea inapopata mahali pake.

Nyumba hii ina ng'ombe mmoja mwenye uzito wa kilo 400 hivi. Ng'ombe wa namna hiyo hula takriban kilo 8 za mabua makavu kwa siku. Tutachimba mashimo mawili, kila moja la kutosha kilo 200, yaani chakula cha siku 25, ili moja likiliwa, la pili liwe linaiva. Shimo la mraba lenye upana wa meta 1 na nusu kila upande na kina cha meta 1 litatosha, mradi mabua yamekatwakatwa na kukanyagwa kwa nguvu. Lichimbwe mahali palipoinuka, mbali na mkondo wa maji ya mvua, na kuta zake zisawazishwe, kwa kuwa kila pembe yenye shimo la panya ni mlango wa amonia kutokea.

Kipimo chenyewe ni chepesi kukishika:

- ndoo moja ya maji ya lita 20;
- kilo 2 za yurea, ziyeyushwe ndani ya ndoo hiyo mpaka chembe ya mwisho itoweke;
- kilo 40 za mabua makavu yaliyokatwakatwa.

Ndoo tano, basi, kwa shimo zima: lita 100 za maji, kilo 10 za yurea, kilo 200 za mabua. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutosha mashimo matano. Usikadirie mabua kwa macho. Funga mzigo mmoja wa kawaida, uning'inize kwenye mizani ya kulabu, na ukishajua uzito wake, hesabu mizigo. Yurea nayo ipimwe, wala isichotwe kwa mkono.

Hapa pana onyo lisiloweza kuahirishwa. Mfuko uwe wa yurea, ulioandikwa UREA na namba 46, ambayo ni kiasi cha naitrojeni kwa mia. Mbolea za kukuzia nyingine, kama CAN, hazifai kabisa kwa kazi hii: CAN haitatoa amonia inayotakiwa, na ina naitreti, ambayo ni sumu nyingine tena ya ng'ombe. Mbolea iliyomwagwa katika mfuko usio na maandishi usiiguse, hata muuzaji akikuapia.

Mabua yakatwe vipande vya sentimeta 3 hadi 5 kwa panga au kwa mashine ya kukatia majani. Tandaza karatasi ya nailoni nzito chini na pembeni mwa shimo, ncha zake zikining'inia nje. Weka tabaka la kilo 20 hivi, nyunyizia nusu ndoo ya maji ya yurea kwa keni ya kumwagilia, geuza kidogo kwa mikono ili kila kipande kilowe, kisha kanyaga, hasa pembeni na kwenye kona, ambako hewa hupenda kujificha. Endelea tabaka baada ya tabaka mpaka shimo lijae na kuvimba juu kama kichuguu kidogo, ukitazama daima kwamba maji hayajikusanyi chini. Yakijikusanya, yurea yote itakuwa huko, na mabua ya juu yatakuwa hayakupata kitu. Kama mabua hayajakauka sawasawa na yakivunjwa hayalii, punguza maji, usipunguze yurea.

Likiisha, kunja zile ncha za nailoni juu yake, funika kwa karatasi nyingine, kisha gandamiza kwa udongo au magunia ya mchanga, ukizunguka kingo zote. Asiye na nailoni aweza kutumia majani ya mgomba, mengi na kwa matabaka, yaliyofunikwa kwa udongo na kupakwa tope. Lakini udongo hupasuka unapokauka, na shurti kila asubuhi mtu atazame nyufa na kuziziba. Kwa maoni yangu, pesa ya nailoni ni pesa ya haki, kwani nailoni itunzwayo hutumika tena na tena, na shimo moja likiharibika limekula thamani yake.

Sasa ni kungoja, na muda hutegemea joto. Katika tambarare zenye joto, majuma 2 hadi 3 yatosha. Machame, ambako usiku wa mwezi wa Agosti una baridi kali, chachu hufanya kazi polepole. Hapo ngoja majuma 4, hata ikizidi si hasara. Ukiona siku 25 za shimo la kwanza hazitoshi kuliivisha la pili, lifunge la pili siku chache kabla ya kulifungua la kwanza, na hesabu itakaa sawa.

Jinsi ya kulijua shimo lililofaulu

Siku ya kufungua, simama upande utokako upepo, wala usiinamie shimo, kwa sababu amonia itakayotoka mara ya kwanza huchoma macho na kifua. Harufu hiyo kali ndiyo shahada ya kwanza ya kufaulu. Ya pili ni rangi: mabua yaliyokuwa meupe au ya manjano hafifu huwa ya manjano iliyoiva au kahawia. Ya tatu ni mguso, kwani shina lililokuwa likivunjika kwa sauti sasa hupindika mkononi.

Ukikosa harufu kabisa, ukaona mabua yamebaki na rangi yake, basi ama hewa iliingia na kutoka, ama maji yalikuwa kidogo, ama joto halikutosha. Funga tena ungoje, mradi hakuna ukungu. Ukungu mweupe au mweusi ukionekana sehemu ndogo karibu na ufa, ondoa sehemu hiyo pamoja na iliyo jirani nayo, uitupe katika lundo la samadi. Ukungu ukiwa umeenea, shimo lote lihesabiwe limepotea, kwa kuwa baadhi ya ukungu huacha sumu ambayo hudhuru ini la mnyama na kupita hata katika maziwa.

Toa chakula cha siku moja tu, kisha lifunike shimo upesi. Kumbuka kwamba mabua sasa yana maji ndani yake: kilo 8 za mabua makavu zimekuwa 12 au zaidi mizanini. Yatandaze uwanjani penye kivuli tangu jioni mpaka asubuhi, au walau saa chache, ili amonia iliyozidi iondoke. Siku za kwanza ng'ombe aghalabu hukataa. Huivuta harufu, hurudi nyuma. Usimlazimishe kwa njaa. Changanya sehemu moja ya mabua hayo na sehemu tatu za chakula alichokizoea, ongeza kidogo kidogo, na kwa muda wa juma moja au mawili atakuwa anayala peke yake bila ubishi.

Wasipewe kabisa ndama walio chini ya miezi sita, maana tumbo lao la kwanza halijawa tayari, wala punda, farasi na nguruwe, ambao hawacheui.

Molasi ni ya horini

Molasi wakazi wa mlimani hawaihangaikii mbali sana: kiwanda cha sukari cha TPC kipo Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi. Karibu nusu ya uzito wa molasi ni sukari. Ina madini kadhaa, haina protini ya kutajika, na utamu wake humfanya ng'ombe ale hata mabua ambayo vinginevyo angeyanusa na kuyaacha. Sukari hiyo huwapa vijidudu nguvu ya haraka. Lakini lignini haisikii utamu. Bua lililonyunyiziwa molasi linabaki bua lilelile, na ng'ombe atakayekula zaidi kwa ajili ya utamu hatalimeng'enya vizuri kuliko jana.

Kipimo cha kutosha kwa ng'ombe wetu ni kilo 1 ya molasi kwa siku, ichanganywe na lita 2 au 3 za maji na kunyunyiziwa juu ya mabua yaliyokatwakatwa, wakati wa kulisha. Ikizidi mno humharisha, na badala ya kuwasaidia vijidudu wanaokula nyuzi, huwapa nafasi wale wapendao sukari tu, nyuzi zikaachwa. Pipa lake lifunikwe, kwani maji ya mvua yakiingia huchacha.

Na sasa lile kosa linalofanywa na watu wenye nia njema: kutia molasi ndani ya shimo la yurea, kwa kufikiri kwamba dawa mbili ni bora kuliko moja. Usifanye hivyo. Amonia na sukari nyingi zikikaa pamoja katika joto, huzaa sumu imsumbuayo ng'ombe akili: hustuka ghafla, hukimbia kwa mzunguko, hugonga kuta asizione, na ndama anyonyaye huweza kuipata sumu hiyo kwa njia ya maziwa. Kwa sababu iyo hiyo majani mabichi yenye utamu na hei nzuri hayatiwi yurea shimoni. Shimo ni la mabua makavu, ya mahindi, mpunga, mtama au ngano. Mabua yakishatoka shimoni na kupunga upepo, hapo ndipo molasi inaweza kunyunyiziwa juu yake, na hapo kwa kweli vitu viwili hivyo hupatana vizuri sana.

Asiye na shimo

Wako wasio na nafasi ya shimo, au wasiopata lita 100 za maji kwa siku moja wakati wa kiangazi, na hili la maji ndilo, kuliko uvivu ambao watu husingiziwa, linalowafanya wengi waiache njia ya shimo baada ya mwaka mmoja. Kwao ipo njia ya kila siku: yurea kidogo sana iliyoyeyushwa pamoja na molasi, ikanyunyiziwa juu ya mabua na kuliwa siku ileile. Hapa yurea haiyalainishi mabua, kwa kuwa haikupewa muda. Inawapa vijidudu kijenzi cha protini tu, na molasi inawapa nguvu ya kukitumia. Faida yake ni ndogo kuliko ya shimo, na hatari yake ni kubwa zaidi, kwa sababu yurea yote huingia tumboni ikiwa nzima.

Ng'ombe aliyezoea asipite gramu 30 za yurea kwa siku kwa kila kilo 100 za uzito wake. Ng'ombe wa kilo 400 mwisho wake ni gramu 120, lakini ningependa mfugaji asimame kwenye 80. Aanze na 20, aongeze taratibu kwa majuma matatu, na ikitokea siku kadhaa zikapita bila kumpa, aanze upya kutoka chini, kwa sababu mazoea hayo hupotea haraka. Gramu 80 hupimwa kwa mizani ya duka, kisha kopo hutiwa alama na kutotumika kwa kazi nyingine. Yurea hiyo huyeyushwa katika maji, huchanganywa na kilo 1 ya molasi, na hunyunyiziwa sawasawa juu ya kilo 8 za mabua, yakageuzwa vizuri ili pasibaki dimbwi chini ya hori. Chakula hicho kigawanywe asubuhi na jioni, na asipewe ng'ombe aliyeshinda na njaa, wala asiachwe kuyanywa maji ya yurea yenyewe. Soya mbichi nayo isiwekwe pamoja nacho, maana ina ileile chachu ivunjayo yurea kwa kasi.

Yurea inapogeuka sumu

Yurea nyingi ikiingia tumboni kwa mkupuo, amonia hutoka kwa wingi kuliko vijidudu wanavyoweza kuitumia, hupita katika damu, na ini hushindwa kuisafisha. Dalili huja upesi, mara nyingi kati ya dakika 20 na saa moja baada ya kula: ng'ombe hahimili kusimama mahali pamoja, hutoa mate mengi yenye povu, misuli ya uso na mwili hutetemeka, tumbo huvimba, pumzi huwa nzito, kisha huanguka na kurusha miguu. Aliyefika hapo ni nadra kupona.

Kwa hiyo nyumba itumiayo yurea iwe na siki, ile ya kawaida ya jikoni, kiasi cha lita 4 hivi, pamoja na chupa ya kunyweshea. Dalili za kwanza zikionekana, ondoa chakula, mnyweshe lita 2 hadi 4 za siki zikifuatwa na maji baridi mengi kadiri anavyoweza kumeza bila kupaliwa, na mtu mwingine amkimbilie daktari wa mifugo wakati huohuo. Ukali wa siki huizuia amonia isipenye upesi katika damu, na maji baridi huipunguza kasi ile chachu. Ng'ombe aliyekwisha kulala na kupoteza fahamu asinyweshwe kitu kwa kinywa, kwani kitaingia mapafuni.

Kiangazi kizima cha ng'ombe mmoja

Turudi kwenye hesabu ya nyumba yetu. Ekari moja iliyotoa magunia 10 ya mahindi hutoa pia takriban tani moja ya mabua makavu, na ng'ombe alaye kilo 8 kwa siku ataimaliza kwa miezi minne. Kujaza mashimo mara tano, kwa mfuko mmoja wa yurea, kutavusha tani hiyo yote. Kilo 1 ya molasi kwa siku, kama ipo, inyunyiziwe baada ya mabua kupunga hewa. Kama haipo, shimo halikosi kufanya kazi kwa ajili hiyo.

Vitu vitatu bado havimo katika mabua hayo. Maji anayohitaji ni mengi kuliko kawaida, kwa sababu anakula chakula kikavu kwa wingi. Vipande vya shina la mgomba, ambavyo kihamba hakikosi, vina maji mengi na vyasaidia, ila visihesabiwe kuwa chakula. Jiwe la chumvi ya madini liwekwe mbele yake. Na kila siku apate mkono mmoja au miwili ya majani mabichi, ya lukina, ya desmodiamu au ya mmea mwingine wa malisho uliobaki na ubichi, kwa maana vitamini A haimo katika mabua makavu. Akiwa anakamuliwa, maziwa yaliyozidi lita chache yatalipwa kwa pumba na mashudu ya alizeti, wala si kwa yurea zaidi.

Mfugaji atazame kinyesi. Kinyesi kikavu, kilichopangana kwa matabaka na kujaa vipande virefu vya bua, humwambia kwamba chakula hakivunjwi. Kikilainika na vipande vikawa vifupi katika majuma mawili ya kwanza ya kula kutoka shimoni, mambo yanakwenda sawa. Kisha atazame mbavu na nyonga kila mwisho wa mwezi, maana huko mabadiliko huja polepole. Mvua za vuli zikianza na majani mabichi kurudi, apunguze mabua kwa siku kumi hivi badala ya kuyakatiza, na shimo ambalo halijafunguliwa aliache lilivyo chini ya nailoni yake: likiwa limezibwa vema na maji ya mvua yamegeuziwa njia, litafaa kuliwa Januari na Februari, jua litakaporudi.